Shajara ya mradi: mwanya wa mama uliopotea kwenye picha

Siku ya 1, Jumatatu

Naanza kuandika hii shajara leo kwa sababu Jumamosi kazi imerudishwa, na imerudishwa kwa sababu ambayo nilikuwa naiona ndogo mpaka nilipokaa nayo usiku kucha.

Kazi yenyewe ni picha moja ya familia, ya Idi ya mwaka 1987, Tanga. Watu saba wamesimama mbele ya ukuta, baba kavaa kanzu, mama kajitanda kanga na anacheka. Karatasi imeingia maji, kanzu ya baba ina doa kubwa la kahawia, ukuta umeota ukungu, na kona ya chini kulia imechanika. Mteja ni mama wa makamo, ni mtoto wa hao wawili, aliniambia tu nitoe doa na nisafishe ukuta halafu nimchapie kubwa aweke sebuleni. Sura za watu hakuzigusia kabisa.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nimeskani, nimepaka maski juu ya kanzu, ukuta na ile kona iliyochanika, nimeipa modeli ya akili mnemba ijaze hapo, kisha mwisho wa skripti yangu kuna hatua ya kurekebisha sura, ile inayotumia CodeFormer, manake bila hiyo sura za watu wa nyuma huwa zinatoka kama zimeyeyuka. Nikaangalia tokeo nikaona safi sana, macho yanang'aa, ngozi imekaa vizuri, nikachapa.

Yule mteja akaishika ile picha akaitazama muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akasema, "Mwanangu, kazi nzuri, lakini huyu si mama. Huyu kama mdogo wake wa Pangani."

Nilibisha kidogo kwa heshima, nikamwambia mama, mimi sura sijaigusa. Akanionyesha kwa kidole. Mama yake alikuwa na mwanya, ule wa meno ya mbele ya juu, na kidoti chini ya jicho la kushoto. Kwenye picha yangu meno yamefungana sawasawa na shavu ni jeupe peee halina alama. Nilirudi nayo nyumbani na sikumtoza hela. Ila swali limebaki, sura ambayo sikuiwekea maski imebadilikaje?

Siku ya 2

Kabla ya kulaumu modeli yoyote nimeamua kutenganisha hatua, manake ukiangalia tokeo la mwisho peke yake huwezi kujua nani kafanya nini. Nimetengeneza picha nne kutoka skani ile ile:

A ni skani yenyewe, haijaguswa. B nimeipitisha kwenye VAE tu, yaani ile sehemu ya modeli inayoibana picha kabla ya kuihariri na kuikunjua baadaye, bila kubadilisha chochote katikati. C nimechukua A nikaipeleka moja kwa moja kwa CodeFormer, hamna uhariri wowote. D ni njia yangu ya kawaida, uhariri kwanza halafu CodeFormer juu yake.

Nikakata sura ya mama peke yake kwenye zote nne, nikazilinganisha ukubwa, nikaziweka kwenye tabaka moja juu ya nyingine nikawa nawasha na kuzima. Hii njia ya kuwasha na kuzima ni bora kuliko kuweka picha mbili pembeni pembeni, macho yanashika mara moja kitu kilichosogea.

A: mwanya upo, mstari mwembamba mweusi. Kidoti kipo.
B: mwanya umekuwa kivuli cha kijivu, kama meno yana doa katikati. Kidoti kimefifia lakini ukijua pa kuangalia unakiona.
C: mwanya upo ila umebanwa, kidoti kimepungua nusu.
D: hakuna mwanya, hakuna kidoti, na kope za juu zina mkunjo ambao mama hakuwa nao.

Kwa hiyo sio mmoja aliyeharibu. Uhariri ulififisha, halafu kirekebishi kikaja kikaamua. Hata kama maski haikugusa sura ya mama, zana niliyokuwa natumia inaikunjua picha nzima upya na kunirudishia nzima, hairudishi zile pikseli za asili nje ya maski. Hilo peke yake sikuwa nalijua kwa muda wote nimefanya kazi hii na limeniuma.

Siku ya 3

Leo nimepiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyonifungua macho kuliko maelezo yoyote.

Picha ya karatasi ni sentimita 10 kwa 15. Niliiskani kwa nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo upande mrefu ukatoka kama pikseli 1772. Sura ya mama kwenye karatasi ina upana wa sentimita 1.2 hivi, hiyo ni pikseli 142. Tuseme sura ya mtu mzima ina upana wa sentimita 14 na mwanya wake milimita 3, basi kwenye skani mwanya una pikseli 3. Ni kidogo lakini zipo, jicho linaziona.

Sasa zana ya kuhariri ikaipunguza picha upande mrefu uwe 1024. Sura ikashuka mpaka pikseli 82, na mwanya ukabaki na pikseli moja na robo tatu. Halafu VAE inaibana mara nane kila upande, yaani sura nzima ya mama, macho, pua, mdomo, kicheko, vyote vimebaki kwenye vijichumba kama 10 kwa upana. Kila kijichumba kinabeba namba kadhaa sio rangi moja tu, kwa hiyo sio kwamba kila kitu kimekufa, lakini mwanya sasa ni chini ya robo ya kijichumba kimoja. Ndio maana kwenye B umekuwa kivuli.

Halafu anakuja CodeFormer. Yeye anatafuta sura kwenye picha, anashika alama tano (macho mawili, ncha ya pua, pembe mbili za mdomo), anaizungusha na kuikuza sura ikae sawa ndani ya mraba wa 512 kwa 512. Kwenye kiolezo chake umbali wa jicho mpaka jicho ni kama pikseli 126. Kwa mtu mzima umbali huo ni kama milimita 63, kwa hiyo kila milimita ya sura inapewa pikseli 2. Mwanya wa milimita 3 unatakiwa uchorwe kwa pikseli 6.

Yaani anatakiwa achore pikseli 6 za mwanya na mkononi amepewa moja na robo tatu ambazo tayari zimegeuka kijivu. Hizo nyingine anazitoa wapi? Anazitoa kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu yake haina mama wa Tanga wa mwaka 1987 ndani.

Siku ya 3, usiku

Naongeza hii kabla sijalala kwa sababu hapo kwenye kumbukumbu ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Watu wengi (na mimi nilikuwa humo) tunadhani kirekebishi kinaisafisha picha, kama unavyofuta kioo chenye vumbi halafu unaona kilichokuwa nyuma. Sio hivyo. Nyuma ya kioo hamna kitu tena, taarifa imeshaondoka. Kinachofanyika ni kuchora upya. CodeFormer ina kitu kama kabati la vipande vya sura, vipande 1024 vilivyojifunzwa kutoka kwenye sura kali zenye ubora. Sura yako ikiingia inagawanywa kwenye gridi ya 16 kwa 16, yaani sehemu 256, na kwa kila sehemu modeli inakisia ni kipande kipi cha kabati kinafaa hapo kwa kuangalia na sehemu jirani zinasemaje, kisha vipande vyote vinaunganishwa kuwa sura moja. Kirekebishi kingine, GFPGAN, kinafanya kwa njia nyingine, chenyewe kimeegemea modeli ya StyleGAN2 iliyokwishajua kuchora sura za watu, lakini mwisho ni ule ule, undani unatoka kwenye kile kilichokaririwa.

Na zote mbili zimefundishwa kwa FFHQ, picha 70,000 za sura zilizokusanywa kutoka tovuti ya picha ya Flickr. Walioikusanya wenyewe wameandika kwamba inarithi upendeleo wa huko ilikotoka. Fikiria watu wanaopandisha picha kule na wanavyotaka kuonekana. Mwanya wa wazi wa meno ya mbele upo kwa wachache. Chale usoni sitarajii kuzikuta nyingi. Kwa hiyo sehemu ya meno ikija na kivuli cha kijivu katikati, kipande cha kabati kinachoelekea kufaa zaidi ni meno yaliyofungana yenye mwanga mdogo. Modeli haikumchukia mama, imechagua tu kilicho cha kawaida zaidi.

Kuna lingine kuhusu mafunzo yake. Wanachukua sura safi, wanaiharibu makusudi kwa ukungu, kuipunguza, chembechembe za kelele na mbano wa JPEG, halafu modeli inafundishwa kuirudisha safi. Sasa kidoti cha mama kwenye karatasi iliyoota ukungu kinafanana na nini? Kinafanana kabisa na chembe ya uchafu. Imefundishwa kufuta vitu vya namna hiyo, ikafuta. Na kinyume chake pia kimetokea, kule kwenye kope zake kulikuwa na alama ndogo ya ukungu wa karatasi, yenyewe ikaisoma kuwa mkunjo wa ngozi, ikaichora vizuri na kivuli chake. Ule mkunjo wa D umetoka huko.

Na hili suala la sura nyingi kuwa na picha ndogo moja sio jipya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa kitu kinaitwa PULSE, unakipa sura ya mraba mdogo sana wa pikseli 16 kwa 16 kinatafuta sura kubwa safi ambayo ukiipunguza inafanana na ule mraba. Watu wakaipa picha ya Obama iliyopunguzwa, ikatoa mzungu. Na kwa hesabu yake ilikuwa imefanya kazi, ukiipunguza sura ya yule mzungu unapata karibu vijimraba vile vile. Ndio shida yenyewe, picha ndogo haimtaji mtu mmoja, inataja kundi kubwa la watu, na modeli inakuchagulia mmoja.

Siku ya 4

Dogo anayenisaidia hapa studio akaniuliza, "Broo, si kuna ile slaida ya uaminifu, kwa nini tusiipandishe tu?" Swali zuri, tumelifanyia kazi asubuhi nzima.

CodeFormer ina namba inaitwa w, kutoka 0 mpaka 1. Ukiishusha inachora kwa uhuru na sura inatoka nzuri sana, ukiipandisha inafuata zaidi picha iliyoingia. Tumepitisha ile picha iliyohaririwa kwa 0.2, 0.5, 0.8 na 1:

```
python inference_codeformer.py -w 0.8 --input_path hariri/
```

Kwa 0.2 ni mwanamke mzuri asiyejulikana. Kwa 0.5, ambayo ndiyo niliyokuwa naitumia kila siku, ni huyu wa Pangani. Kwa 0.8 kivuli cha kijivu kwenye meno kimerudi. Kwa 1 kimerudi zaidi, na sura imekuwa na ukungu na mdomo umepinda kidogo.

Tukakaa tukaangalia hiyo ya 1 na hapo nikaelewa kitu ambacho nataka nikiandike taratibu. Ile namba ni uaminifu kwa picha iliyoingia, sio kwa mama. Na picha iliyoingia ni ile iliyokwishapita kwenye uhariri, ambayo mdomo umeshasogea na mwanya umeshafifia. Ukipandisha w unapata kwa uaminifu makosa ya uhariri. Ukishusha unapata ubunifu wa kabati. Mama mwenyewe hayupo popote kwenye hiyo slaida, yupo kwenye skani ambayo kirekebishi hakijawahi kuonyeshwa.

Tena angalieni majina ya slaida, kwenye programu ya AUTOMATIC1111 zipo mbili na watu wanazichanganya. Moja ni uzito wa CodeFormer, ndiyo hiyo w, ambapo 0 ndiyo nguvu kubwa, watu wengi wanadhani kinyume. Nyingine ni ya kuonekana, hiyo inachanganya tu tokeo na picha iliyoingia kama kuweka rangi juu ya rangi. Ukiweka nusu unapata sura mbili zilizolaliana, kwa mbali inaonekana sawa, ukizumu kwenye kope utaona mistari miwili.

Nikajaribu na GFPGAN 1.3 kwa kulinganisha, mkunjo wa kope ukapungua lakini mwanya haukurudi. Na kwa haki yao, waliotengeneza GFPGAN wameandika kwenye maelezo yao kwamba toleo la 1.3 linabadilisha utambulisho wa mtu kidogo. Wamesema wazi. Mimi ndiye sikusoma.

Siku ya 5

Leo nilitaka namba, kitu ambacho skripti inaweza kukagua yenyewe bila mimi kukodolea macho kila sura. Nikachukua maktaba ya insightface, inaibadilisha sura kuwa orodha ya namba 512 halafu unalinganisha orodha mbili, ikikaribia 1 ni mtu mmoja, ikikaribia 0 ni watu tofauti.

```python
app = FaceAnalysis(name="buffalo_l")
app.prepare(ctx_id=-1, det_size=(640, 640))
a, b = app.get(asili)[0], app.get(tokeo)[0]
print(float(a.normed_embedding @ b.normed_embedding))
```

Tahadhari ndogo, hiyo `[0]` kwenye picha ya watu saba inaweza kukupa mtu mwingine kabisa, kwa hiyo nilikata sura ya mama kwanza nikiacha nafasi kidogo pembeni.

Skani ukilinganisha na picha iliyohaririwa tu: 0.61. Skani na ile iliyorekebishwa sura: 0.63.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea mafaili. Alama imepanda! Yaani kwa kipimo hiki kirekebishi kimemsogeza mama karibu na mama, wakati binti yake wa kumzaa anasema huyu siye.

Nimekaa nalo mchana wote na naona sababu mbili. Kwanza, kipimo chenyewe kinaiangalia sura kwa mraba wa 112 kwa 112, na kimefundishwa kumtambua mtu hata kama mwanga na kicheko vimebadilika, kwa hiyo mwanya na kidoti ni vitu kinavyovipita. Na ningekuwa nimetumia GFPGAN ingekuwa zaidi, yenyewe imefundishwa na kipimo cha aina hii hii kama mojawapo ya walimu wake, hivyo kuipima kwa hicho ni kumpa mwanafunzi mtihani aliokwishauona. Pili, picha zote mbili zimetoka kwenye picha moja, kichwa kimeelekea upande mmoja, mwanga mmoja, kanga ile ile. Sehemu kubwa ya kufanana inatoka huko.

Nikampigia mteja nikamuomba kama ana picha nyingine ya marehemu. Jioni mjukuu akaniletea picha ya pasipoti, ya miaka ya mbele zaidi, mdomo umefungwa. Nikaitumia hiyo kama shahidi wa nje. Pasipoti na skani: 0.52. Pasipoti na picha iliyohaririwa: 0.44. Pasipoti na iliyorekebishwa: 0.41.

Sasa mambo yamekaa sawa. Ukilinganisha na shahidi ambaye hakuwepo kwenye picha ile, kila hatua inamsogeza mbali. Hii ni sura moja tu na namba za sura moja sio kanuni, lakini kwangu kuanzia leo hamna kulinganisha tokeo na skani lilikotoka peke yake, lazima iwepo picha ya pili ya mtu yule yule. Na hata hiyo haioni mwanya, pasipoti mdomo umefungwa. Mwanya unaonwa na macho ya anayemjua.

Siku ya 6

Niliandika asubuhi halafu nikafuta. Naandika tena kwa kifupi.

Kinachonisumbua ni kwamba ile picha iliyohaririwa, kabla ya kirekebishi, ilikuwa mbaya na ubaya wake ulionekana. Mdomo umeyeyuka kidogo, jicho moja limelegea, mtu yeyote angesema hapa pameharibika rudia. Kirekebishi kilichukua kosa lile lile kikalivalisha ngozi safi na macho yanayong'aa, na mimi mwenye kazi nikaliona nikaridhika. Sura yenye ukungu inakufanya usite. Sura kali ya mtu mwingine haikusitishi, labda uwe mtoto wake.

Na nimefungua foda la zamani. Nina kazi kama arobaini zimepita njia hii. Wengi walichukua picha wakashukuru wakaondoka.

Siku ya 7

Kurekebisha sasa. Nimeskani upya kwa nukta 600. Sura ya mama imetoka pikseli 283 upana, mwanya pikseli 6. Angalia hiyo namba tena, ni ile ile ambayo CodeFormer ilitaka kuichora kwenye mraba wake, 280 kwa sura na 6 kwa mwanya. Yaani kila kitu ilichokuwa inabuni kilikuwepo kwenye karatasi, mimi ndiye niliyekitupa kwa kuskani ndogo na kuipunguza tena.

Utaratibu mpya ninaoujaribu ni huu. Kanzu na ukuta nimevikata kama vipande peke yao, nimevihariri vikiwa vikubwa, kisha nimevirudisha mahali pake juu ya skani. Picha nzima haipiti kwenye modeli tena. Na hata kipande kikirudi, nje ya maski nakirudishia pikseli za asili:

```python
m = cv2.GaussianBlur(maski, (0, 0), 12)[..., None] / 255.0
tokeo = hariri * m + asili * (1 - m)
```

Maski nyeupe ni pale pa kuhariri, ukingo umelainishwa ili usione mshono. Hatua ya kurekebisha sura nimeitoa kwenye skripti, sio kuizima, nimeitoa kabisa, kwa sababu ikibaki ndani inatafuta sura zote saba yenyewe na kuzichora zote, hata za watoto ambao hakuna aliyewagusa.

Imegoma sehemu moja. Kidevu cha baba kinakaribiana na kola ya kanzu, na kanzu mpya imetoka nyeupe ya ubaridi wakati picha yote ina ule umanjano wa karatasi ya zamani. Kwenye shingo pakawa na mpaka kama amevaa barakoa. Kulainisha ukingo zaidi hakukusaidia, kunazidi kupaka weupe kwenye kidevu. Nikapima wastani wa rangi ya kipande cha kanzu ya asili ambacho hakina doa, begani, nikaisogeza rangi ya kanzu mpya ifanane na hapo, halafu nikarudishia chembechembe kidogo za filamu manake kitambaa cha modeli kilikuwa laini mno. Mpaka ukapotea. Ilinichukua saa tatu kwa kitu ambacho zamani nilibonyeza mara moja.

Siku ya 9

Nimefanya orodha ya kuuliza kabla ya kuanza kazi yoyote yenye sura, na nauliza kwa mdomo, sio fomu. Marehemu alikuwa na mwanya? Kidoti, kovu, chale? Jicho moja dogo kuliko lingine? Nywele zilianzia wapi? Mtu anaulizwa hivyo anatulia kidogo, kisha anaanza kukuelezea mtu wake na unapata vitu ambavyo usingeviona. Mteja wa jana ameniambia babu yake sikio la kulia lilichanika kidogo juu, mimi kwenye skani niliona kama mkwaruzo wa karatasi na ningeufuta.

Kuhusu kazi zile arobaini, nimeanza kuwapigia simu mmoja mmoja walioniletea picha za marehemu. Skani za asili ninazo zote. Watano mpaka leo, wawili wamesema walihisi kitu hakijakaa sawa lakini wakadhani ni wao wamesahau sura. Hilo neno limenikaa kifuani. Mtu anaanza kuitilia shaka kumbukumbu yake ya mama yake kwa sababu ya picha yangu.

Siku ya 11

Nimempelekea mteja picha mpya, ya sentimita 20 kwa 30. Sura zina ukungu kidogo kuliko ile ya kwanza, nilimwambia mapema asije akashangaa, karatasi yenyewe ndivyo ilivyo. Akaivuta karibu na dirisha akaangalia meno kwanza. Akacheka, na kumbe na yeye ana mwanya ule ule, sikuwahi kuuona manake siku zote mbili za mwanzo hakucheka.

Limebaki jambo moja ambalo sina jibu lake la kiufundi. Ile kona iliyochanika chini kulia imepita kwenye uso wa mtoto mdogo, nusu ya kushoto ya sura haipo kwenye karatasi. Kwenye tokeo la kwanza, lile baya, modeli ilikuwa imemjazia mtoto mzima, macho mawili, shavu, kila kitu, na hakuna aliyelisemea kwa sababu wote waliangalia mama. Nikamuonyesha sehemu zote mbili, ile iliyojazwa na ile iliyochanika, nikamweleza kwamba hii nusu hakuna inapotoka, imetungwa.

Akaniambia ni kaka yake, alifariki kabla hajaanza shule, picha nyingine hawana.

Akaziangalia kwa muda. Akasema, "Muache hivyo hivyo, mwanangu. Huyo mwingine simjui."

Nimesafisha ukingo wa mchaniko tu, nikaweka rangi ya karatasi tupu pale pasipo na kitu. Kesho naendelea na simu, wamebaki thelathini na tano.